Je, Wajua? Damu ya Mzee Huchangamka Kwenye Singa, Hukolea Kwenye Kipilipili

JE, WAJUA kwamba pakiti moja ya rangi ya damu ya mzee, ikikorogwa kwenye bakuli moja na kupakwa siku moja, inaweza kuonekana nyekundu iliyochangamka kwenye nywele za singa na nyekundu nzito inayokaribia kahawia kwenye nywele za kipilipili, hata pale ambapo kila unywele umepokea rangi ile ile kwa kiasi kile kile? Hapo ndipo mteja humlaumu msusi, na msusi huilaumu pakiti kuwa ni feki. Mara nyingi hakuna mwenye kosa. Rangi iliyomo ndani ya unywele ni moja. Kilichotofautiana ni njia ambayo mwanga umepita kabla ya kufika machoni.

JE, WAJUA kwamba unywele mmoja hurudisha mwanga wa aina mbili kwa wakati mmoja? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo tukae kidogo. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 50 hadi 100, yaani mnene kabisa hufikia sehemu ya kumi ya milimita. Nje umevikwa tabaka kadhaa za magamba membamba yanayopandana, ncha zake zikielekea upande wa ncha ya unywele. Ndani ya magamba hayo ndimo ilimo melanini, rangi ya kuzaliwa nayo, na ndimo inamoingia rangi ya dukani ya kudumu.

Mwanga ukiugonga unywele uso kwa uso, takriban sehemu 5 kati ya 100 hurudi pale pale kwenye gamba la nje. Mwanga huo haukuingia ndani, kwa hiyo haujui kama unywele umepakwa rangi au la. Jua jeupe hurudi jeupe, na balbu ya njano hurudi njano. Sehemu 95 zilizobaki huingia ndani, hupunguzwa na melanini na rangi, na baadhi yake hugonga ukuta wa nyuma wa unywele na kurudi upande wa mtazamaji. Mwanga huu wa pili ndio wenye habari ya rangi. Tunachokiita rangi ya nywele, basi, ni mchanganyiko wa mwanga uliopakwa rangi na mwanga ambao haukupakwa.

JE, WAJUA kwamba mianga hiyo miwili haitui mahali pamoja? Magamba yameinama kidogo, takriban nyuzi 3 tu, lakini mwinamo huo unatosha kuusogeza mng'ao mweupe upande wa ncha na mng'ao wenye rangi upande wa mizizi. Steve Marschner na wenzake waliupima mwanga wa unywele mmoja mmoja na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, na tangu hapo watengenezaji wa filamu za kompyuta wanajua kwamba wakiuweka mng'ao mmoja tu, nywele huonekana za plastiki. Ukitaka kuiona mianga hiyo kwa macho yako, mtazame mtu mwenye singa ndefu zilizopakwa rangi, akiwa amekaa chini ya balbu moja: utaona mkanda mweupe, na juu yake kidogo mkanda mwingine mpana zaidi, usio na makali, wenye rangi yenyewe.

JE, WAJUA kwamba mkanda ule mweupe huzunguka kichwa kizima? Wajapani wameupa jina la duara la malaika.

JE, WAJUA kwa nini mkanda huo huonekana kwenye singa? Kwa sababu maelfu ya nywele zimelala sambamba. Kila unywele hutupa sehemu zake 5 za mwanga mweupe kwa pembe ile ile, na pale pembe hiyo inapoelekea jichoni mwako, nywele zote za eneo hilo huzitupa kwa pamoja. Mwanga mweupe hujumlishwa juu ya ule wenye rangi na kuizimua rangi.

Tulifanyie hesabu, kwa namba za mfano tu. Tuseme kutoka ndani ya nywele za damu ya mzee jicho linapokea mwanga mwekundu kiasi cha 12, na mwanga wa rangi nyingine kiasi cha 4. Nyekundu ni mara tatu ya nyingine, kwa hiyo unaona wekundu ulioiva. Sasa ongeza mng'ao mweupe wa 20. Mweupe una rangi zote, kwa hiyo nyekundu inapanda kuwa 32 na nyingine zinapanda kuwa 24. Mwanga wote umeongezeka, ndiyo maana nywele zinaonekana angavu zaidi, lakini nyekundu sasa haifiki hata mara moja na nusu ya nyingine. Rangi imepauka machoni bila chembe hata moja ya rangi kutoka kwenye unywele.

Ndivyo inavyokuwa kwenye singa penye mkanda. Nje ya mkanda, kichwa kile kile huonekana cheusi zaidi na rangi yake hukolea. Jicho halikipimi kichwa kipande kwa kipande. Huchukua picha nzima, na mkanda unaong'aa ndio unaoamua jibu. Kwa hiyo tunasema, "Imemtoka nyekundu inayowaka."

JE, WAJUA kwamba mafundi cherehani wanaijua habari hii kwa upande mwingine? Chukua satini na mahameli zilizotiwa rangi moja. Satini nyuzi zake zimelala, hung'aa na huonekana nyepesi; mahameli nyuzi zake zimesimama, humeza mwanga na huonekana nzito. Singa na kipilipili hutofautiana kwa sababu hiyo hiyo.

JE, WAJUA mwanga hufanya nini ukiingia kwenye kipilipili? Unywele wa kipilipili hugeuka uelekeo kila baada ya milimita chache. Tena umbo lake si la mviringo kamili. Ukiukata ukautazama kwa hadubini, utaona umebanwa ubavuni, na ubapa huo hujisokota kadiri unywele unavyopinda. Kwa hiyo hakuna nywele elfu zenye pembe moja. Kila mpindo una kipande kidogo tu kinachoelekeza mng'ao mweupe jichoni mwako, na mpindo wa jirani unaelekeza kwingine. Badala ya mkanda unapata vitone vidogo vya mwanga vilivyotawanyika kichwani.

Mng'ao mweupe ambao haukuja jichoni haukupotea. Mwingi umeelekea ndani ya nywele, ukakuta unywele mwingine, na hapo tena sehemu 95 kati ya 100 zikaingia na kupakwa rangi. Mwanga ambao kwenye singa ungerudi mweupe, kwenye kipilipili hulazimika kupita rangini kabla ya kutoka, kama utatoka.

Kuna jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu zaidi. Kipilipili hakilali, kimesimama na kuacha nafasi nyingi za hewa. Mwanga huzama kwa urahisi na kupita unywele baada ya unywele. Rudi kwenye hesabu. Tuseme unywele mmoja uliopakwa damu ya mzee unapitisha sehemu 60 kati ya 100 za mwanga mwekundu, na sehemu 20 tu za rangi nyingine. Baada ya unywele mmoja tuna 60 kwa 20, yaani mara tatu. Mwanga huo ukipita unywele wa pili, unabaki 36 kwa 4, yaani mara tisa. Ukipita wa tatu, nyekundu ni kama 22 na nyingine hazifiki 1. Kila hatua mwanga unapungua na wekundu unazidi kuwa safi. Watu wanaposema rangi imekolea wanaliona jambo hilo hilo: giza limeongezeka na weupe umeondoka.

JE, WAJUA kwamba unaweza kuyathibitisha haya kwenye kichwa kimoja? Kulinganisha watu wawili kuna kasoro, kwa sababu melanini zao huenda hazilingani, na mmoja huenda aliwahi kuweka dawa ya kunyoosha. Kichwa kimoja hakina udhuru huo.

Tuseme mteja ana nywele za asili za kipilipili. Msusi amezipunguza weusi mpaka kahawia ya wastani, kisha akapaka damu ya mzee kichwa kizima, akasuuza na kugawa njia kutoka paji la uso hadi kisogoni. Upande wa kulia umeachwa ukauke wenyewe ukiwa umejikunja. Upande wa kushoto umekaushwa kwa draya na kunyooshwa kwa pasi yenye joto la nyuzi 180. Mteja akisimama dirishani, kushoto kutaonekana kwepesi zaidi, nyekundu iliyo wazi yenye mkanda wa mwanga, na kulia kutaonekana kuzito. Mwambie ageuze kichwa taratibu. Kushoto mkanda utahama, na mahali ulipotoka patakuwa peusi zaidi ya ulivyotarajia. Kulia rangi itabaki karibu ile ile kwa kila pembe. Kwangu mimi kipimo hiki cha kugeuza kichwa ndicho chepesi kuliko vyote: rangi inayobadilika kwa pembe inatawaliwa na mng'ao.

Sasa zioshwe pande zote mbili kwa maji na kuachwa zikauke bila pasi. Viunganishi vya keratini vilivyofunguliwa na joto hujipanga upya kwa maji, na kushoto kutarudi kuwa kipilipili. Kama rangi nayo imerudi kuwa nzito sawa na kulia, tofauti yote ilikuwa ya mwanga. Kama kushoto kumejikunja tena lakini kumebaki kwepesi, pasi imeiunguza rangi. Na kama hakukujikunja tena sawasawa, pasi imeuunguza unywele wenyewe. Angalizo: rangi nyekundu hutoka kwa wingi kwenye maosho ya mwanzo, kwa hiyo linganisha upande na upande siku hiyo hiyo, usilinganishe na picha ya kabla ya kuosha.

JE, WAJUA namna ya kumaliza ubishi kati ya watu wawili? Chukua unywele mmoja kwa kila mtu, ule uliodondoka kwenye kitana unatosha. Zinyooshe sambamba juu ya karatasi nyeupe na ubandike kila ncha kwa selotepu. Zitazame karibu na dirisha, jua lisizigonge moja kwa moja. Hapa hakuna mkunjo na hakuna unywele wa jirani. Ikiwa nyuzi mbili zinafanana, msusi hana kosa na pakiti haina kosa. Ikiwa mmoja ni mweusi waziwazi, tafuta sababu ndani ya unywele: weusi wa asili haukupunguzwa kiasi kile kile, rangi ilikaa muda tofauti, au magamba ya mmoja yalikuwa wazi zaidi na kuifyonza rangi kwa wingi. Kwenye kipilipili magamba huwa na tabia ya kuinuka pale unywele unapojisokota, na hapo rangi huingia haraka na kutoka haraka. Hilo ni suala la kemia, lisichanganywe na la mwanga.

JE, WAJUA kwa nini nywele zilizolowa huonekana nyeusi zaidi? Gamba kavu linapakana na hewa, na tofauti kati ya keratini na hewa ni kubwa, ndiyo maana sehemu 5 kati ya 100 hurudi. Gamba lililofunikwa na maji linapakana na maji, ambayo kimwanga yako karibu zaidi na keratini, na hapo hairudi hata sehemu 1. Mwanga mweupe uliokuwa ukiizimua rangi umepungua. Usihukumu kamwe rangi kwenye sinki.

Mafuta hufanya jambo linalofanana lakini lenye upande wa pili. Mafuta ya nazi yanakaribiana sana na keratini kimwanga, kwa hiyo huziba mikwaruzo na kingo za magamba zilizoinuka, na mtawanyiko mweupe wa hovyo hupungua. Uso wa mafuta wenyewe, hata hivyo, ni laini na unang'aa. Matokeo yake kwenye kipilipili ni rangi nzito zaidi yenye vitone vikali vya mwanga juu yake.

JE, WAJUA kwamba mafuta hayo yanaweza kukuambia kama nywele zimechoka? Kuna nywele zinazotawanya mwanga kwa umbo lake, kama kipilipili chenye afya, na kuna zinazoutawanya kwa sababu magamba yake yamemomonyoka. Za kwanza huonekana nzito. Za pili huonekana zimepauka kwa kila pembe, ziwe za singa au za kipilipili, kwa sababu kila gamba lililovunjika linatupa weupe wake kila upande, na weupe huo unafika jichoni badala ya kuzama ndani. Paka tone la mafuta kwenye kifundo kidogo. Ikiwa rangi imekolea ghafla kwa kiasi kikubwa, rangi bado imo na tatizo ni gamba. Ikiwa imebaki imepauka, rangi imekwisha toka. Mteja wa namna ya kwanza akiongezewa rangi tena, ataongezewa kisichopungua, na unywele utazidi kuchoka.

JE, WAJUA kwamba wingu hupunguza tofauti hii? Mbingu ikifunga, mwanga hutoka kila upande na mkanda wa singa hutandazika hadi kufifia. Kwenye jua kali la mchana, au chini ya balbu moja ya saluni, mkanda hurudi na tofauti hupanuka. Mmulimuli wa simu ndio mbaya kuliko yote: unakaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo weupe unaorudi kutoka kwenye singa hurudi moja kwa moja kwenye picha. Picha mbili za rangi moja, moja ya singa kwa mmulimuli na nyingine ya kipilipili kivulini, hazifai kulinganishwa.

JE, WAJUA kwamba kuna wakati kipilipili ndicho kinachowaka? Jua likiwa nyuma ya kichwa, mwangaza hupenya nywele na kuja mbele. Katikati ya afro nywele ni nyingi mno, mwanga hauvuki. Lakini pembezoni zimebaki nyuzi chache, mwanga umepita unywele mmoja au miwili tu, na mng'ao wa uso wa kuuzimua ni mdogo. Hapo damu ya mzee iliyoonekana karibu kahawia saluni huwaka nyekundu kabisa kuzunguka kichwa. Ndiyo maana mteja hurudi nyumbani na manung'uniko, kisha jioni akiwa kituo cha basi watu wanamsifia nywele zake nyekundu. Hawamwongopei. Wao wamesimama upande wa pili wa jua.

JE, WAJUA kwamba kusuka hubadilisha rangi bila kupaka? Nywele zile zile za kipilipili zikisukwa twende kilioni, mvuto wa msuko huzilaza na kuzibana sambamba. Migongo ya misuko hupata vipande vifupi vya mng'ao vinavyojirudia hatua kwa hatua, na rangi huonekana imepanda. Katikati ya mistari inabaki nzito. Msusi anayejua hili hampi mteja hukumu ya rangi kabla ya kufumua.

JE, WAJUA kwamba nywele za kununua nazo hutii kanuni hiyo hiyo? Namba 99J, ambayo wengi wanaijua kuwa ya damu ya mzee, ikitengenezwa kwa uzi ulionyooka huonekana nyepesi kuliko namba hiyo hiyo kwenye uzi uliokunjwa kipilipili. Anayetaka kuoanisha wivingi iliyonyooka na nywele zake za kipilipili zilizopakwa rangi asitegemee namba pekee. Azishike pamoja mlangoni pa duka, penye mwanga wa nje.

JE, WAJUA kwamba vishada vya kitabu cha rangi vinapendelea singa? Vishada vile mara nyingi ni vya nailoni, vimenyooka, vinameta, na vimebandikwa sambamba. Vinakuonyesha rangi ikiwa na mkanda wake wa mwanga. Mwenye kipilipili akichagua kishada na kupakwa rangi hiyo kwa usahihi kabisa, atapata kitu kinachoonekana kizito zaidi ya alichokichagua.

Dawa ya hilo ipo. Namba ya rangi kwa kawaida huanza na tarakimu ya kina, 1 ikiwa nyeusi na 10 ikiwa nyepesi kabisa, kisha hufuata tarakimu za aina ya rangi, ambazo hutofautiana kwa kila kampuni. Kwa mwenye kipilipili anayekitaka kichwa chake kifanane na kishada cha 5, ninaona ni busara kuanza kufikiria 6 yenye aina ile ile, na kuijaribu kwanza kwenye kifundo kimoja nyuma ya sikio, kikaushwe kikiwa kimejikunja. Kikinyooshwa kwa ajili ya kutazama, jaribio limeharibika, kwa sababu utakuwa umekiangalia kwa mwanga wa singa.

Lakini hapa pana mpaka ambao mwanga hauusogezi. Rangi haiondoi weusi; kinachoondoa weusi ni haidrojeni peroksaidi iliyomo kwenye developa au kwenye dawa ya kung'arisha. Developa ya asilimia 6, ile wanayoiita namba 20, hupandisha kina kwa hatua moja au mbili hivi. Nywele nyeusi za kuzaliwa haziwezi kufika 6 kwa rangi peke yake. Ukipaka damu ya mzee juu ya weusi ambao haujapunguzwa, melanini inameza karibu kila kitu kilichoingia ndani, na unabaki na wekundu unaoonekana juani tu. Hapo singa na kipilipili vyote vitakuwa vyeusi, kimoja cheusi chenye mkanda mweupe na kingine cheusi cha mahameli. Hatua moja ya namba haitamsaidia mtu huyo.

JE, WAJUA ni wapi tofauti ya mwanga huonekana kwa usafi zaidi? Kwenye mvi. Unywele mweupe hauna melanini ya kusingizia. Watazame wazee wa Pwani wanaopaka hina ndevu: mwenye ndevu nyeupe zilizonyooka hutoka na rangi ya chungwa inayometa, na mwenye ndevu nyeupe zilizojikunja hutoka na rangi ya kutu, nzito zaidi. Muda ambao hina imekaa usoni nao una sehemu yake, lakini hata wakikaa nayo kwa muda mmoja, mkunjo utafanya kazi yake.

JE, WAJUA kwamba kwenye rangi nyepesi mkunjo hufanya kazi kwa namna nyingine? Unywele uliong'arishwa sana hupitisha mwanga mwingi. Tuseme kila unywele unapitisha sehemu 90 kati ya 100 za njano na 80 za buluu. Kwa unywele mmoja tofauti hiyo huioni vizuri. Mwanga ukipita nyuzi nne ndani ya kipilipili, njano imebaki kama 66 na buluu kama 41. Giza halikuongezeka sana, ila unjano umejitokeza. Ndiyo maana rangi ya asali isiyo na dosari kwenye singa inaweza kuonekana na unjano mwingi kwenye kipilipili, na mwenye kipilipili huhitaji toni ya zambarau mapema kidogo kuliko mwenzake. Zambarau humeza njano, na mkunjo ule ule uliokuza unjano sasa unakuza kazi ya zambarau. Kwa hiyo iachwe kwa dakika chache, isuuzwe, na nywele zikaushwe zikiwa zimejikunja kabla ya kuamua kurudia.